Kikomo cha kupakia video kwa siku: YouTube itakufungulia saa ngapi?

Ujumbe wenyewe ni mfupi: `Daily upload limit reached`. Wakati mwingine husomeka `Upload limit reached`. Mwenye chaneli ya YouTube hukutana nao mara nyingi usiku, kwa kuwa usiku ndipo wengi huku kwetu hupakia video zao, mtandao ukiwa umepungua watu na bando la usiku likiwa nafuu. Amepanga faili za kwaya, za mawaidha, za maulidi au za mechi za ligi ya wilaya, zimepanda kadhaa bila tatizo, kisha inayofuata inakataliwa. Maelezo ya YouTube yanamwambia ajaribu tena baada ya saa 24. Saa 24 kuanzia lini? Kwenye skrini hakuna saa inayohesabu kurudi nyuma, wala hapaandikwi kwamba mlango utafunguliwa saa fulani.

Jibu linapatikana, ila inabidi mtu alihesabu mwenyewe. Na ili ahesabu sawasawa, lazima kwanza ajue ni kitu gani kinachohesabiwa.

Kikomo hiki ni cha idadi ya video. Hakihusiani na ukubwa wa faili, urefu wa video wala bando lako. YouTube inaiwekea kila chaneli idadi ya video inazoweza kupakia ndani ya kipindi cha saa 24, na njia zote zinaingia katika hesabu moja: ulizopakia kwa kompyuta, ulizopakia kwa simu, na zile zilizopandishwa na programu nyingine uliyoiruhusu iingie kwenye chaneli yako. Kwa hiyo watu wawili wanaosimamia chaneli moja, mmoja yuko ofisini na mwingine uwanjani na simu, wanakula kwenye sahani moja. Yule wa ofisini anaweza kukataliwa akiwa amepakia video mbili tu siku hiyo, asijue kwamba mwenzake ametuma vipande vifupi tangu asubuhi.

Viko vikomo vingine ambavyo watu huvichanganya na hiki. Faili moja haiwezi kuzidi gigabaiti 256 au urefu wa saa 12, chochote kitakachotangulia kufikiwa. Chaneli ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu haiwezi kuweka video yenye zaidi ya dakika 15. Vikomo hivyo viwili vinahusu faili moja: ukiikata au ukiipunguza, inapita. Kikomo cha siku hakijali faili. Kikishafikiwa, hata kipande cha nusu dakika kinakataliwa, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kukitambua.

Mchanganyiko mwingine unatokana na namba 15 nyingine. Kwenye YouTube Studio, yaani ukurasa wa mwenye chaneli, unaweza kuchagua mpaka faili 15 kwa mkupuo mmoja. Wengi huichukua namba hiyo kuwa ndicho kikomo cha siku, wakaamini kwamba wana haki ya video 15 kila siku. Sivyo. Hiyo ni idadi ya faili unazoweza kuzichagua kwa pamoja, basi. Kikomo cha siku cha chaneli yako kinaweza kuwa chini ya hapo au juu zaidi, na YouTube haikitangazi. Inachosema ni kwamba kinatofautiana kwa nchi au eneo, na kwa historia ya chaneli: ina muda gani, imetumika vipi, na kama imewahi kupewa maonyo ya kuvunja kanuni au hakimiliki. Ndiyo maana kumuuliza rafiki "wewe zilikubali ngapi?" hakukusaidii. Chaneli yake si yako, na hata yako ya mwaka huu huenda isiwe na kikomo ilichokuwa nacho mwaka jana.

Sababu ya kuficha namba inaeleweka. Kikomo kimewekwa kuwazuia wanaofungua chaneli mpya na kumwaga humo mamia ya video za ulaghai kwa siku moja. Namba ikitangazwa, walaghai watapanga kazi yao chini yake kidogo tu. Lakini muda wa kufunguliwa ni jambo tofauti na namba, na sioni sababu ya kumficha mtu muda huo. Nitalirudia hilo baadaye.

Sasa tuje kwenye saa. Neno la msingi katika maelezo ya YouTube ni kipindi cha saa 24. Hawasemi tarehe ya kalenda. Kwa hiyo usikeshe ukingoja saa sita ya usiku igonge na tarehe ibadilike, ukadhani hapo mlango utafunguka. Kinachotakiwa kupita ni saa 24 tangu video zako zilipopanda, na kwa kuwa kila video ilipanda kwa saa yake, kila moja ina saa yake ya kutoka kwenye hesabu.

Tuchukue mfano. Kikundi cha taarabu mjini Tanga kina rekodi 40 za maonyesho ya zamani, zilizohamishwa kutoka kwenye kanda za video. Kijana anayesimamia chaneli yao anaanza kupakia Jumamosi usiku. Video ya kwanza inamaliza kupanda saa 2:10 usiku. Nyingine tano zinafuata, na ya sita inamaliza saa 3:40. Mtandao unasuasua, anapumzika, anarudi saa 5. Kati ya saa 5 na saa 7 usiku anapandisha nne zaidi. Ya kumi inamaliza saa 6:50 usiku. Ya kumi na moja inakataliwa. Tuseme basi kwamba kikomo cha chaneli hii, kwa siku hizo, ni video kumi.

Kijana huyu ana saa mbili za kushika. Ya kwanza ni saa 24 baada ya video ya kwanza katika kundi, yaani Jumapili saa 2:10 usiku. Kabla ya hapo hana sababu ya kutarajia chochote, maana video zote kumi bado zimo ndani ya saa 24 zilizopita. Kuanzia hapo nafasi moja inaweza kuwa wazi, na nyingine zinafuata moja baada ya nyingine kadiri zile za mwanzo zinavyotimiza saa 24 zao. Saa ya pili ni saa 24 baada ya video ya mwisho iliyokubaliwa: saa 6:50 usiku wa kuamkia Jumatatu. Kufikia hapo hakuna hata moja ya zile kumi iliyobaki ndani ya kipindi, na kama hakuna mtu mwingine aliyepakia kitu katikati, kikomo chote kiko huru tena.

Kwa hiyo anayetaka uhakika ahesabu kutoka video ya mwisho. Anayetaka kuweka video moja tu ya haraka, kwa mfano tangazo la onyesho la kesho, ahesabu kutoka ya kwanza. Na kwa kuwa hatujui kama YouTube inaanza kuhesabu pale faili inapoanza kupanda au pale inapomaliza, tumia saa ya kumaliza. Katika mitandao yetu tofauti hiyo si ndogo. Video ya dakika 40 iliyorekodiwa kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde ina takriban gigabaiti 2.4, ukiwa na kasi ya kupakia ya megabiti 4, itachukua saa 1 na dakika 20 kupanda.

Kosa la kawaida hapa ni kujaribu mlango kwa video ya majaribio. Mtu anatengeneza kipande cha sekunde kumi cha ukuta wa chumba chake, anakipakia kuona kama kimekubali, na kweli kinakubali. Anafurahi, anaanza kupakia video ya kweli, inakataliwa. Nafasi moja iliyokuwa imefunguka ameitumia kwa ukuta. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa video unayoihitaji kuliko zote. Wala usiifute ile ya ukuta ukitegemea kurudishiwa nafasi. Kikomo kinazungumzia video ulizopakia, na kuifuta hakubadilishi ukweli kwamba uliipakia. Wapo waliofuta rekodi nzuri usiku wakidhani wanatengeneza nafasi, wakabaki bila rekodi na bila nafasi.

Saa za kupakia utazipata wapi?

Hesabu hiyo inategemea kujua video ya kwanza na ya mwisho zilipanda saa ngapi. Mahali pa kuanzia ni YouTube Studio, sehemu ya `Content`, ambako video zote za chaneli zimeorodheshwa pamoja na tarehe zake. Angalia neno lililo chini ya tarehe. `Uploaded` maana yake hiyo ni tarehe ya kupakia. `Published` maana yake ni tarehe iliyotolewa kwa watazamaji, nayo inaweza kuwa tofauti kabisa na siku iliyopakiwa. `Scheduled` ni tarehe ambayo umepanga itoke. Ukisoma `Published` ukadhani ni ya kupakia, hesabu yako yote inakwenda kombo.

Orodha hiyo inatosha kukuonyesha ni video zipi zilipanda jana na leo, na ni nani mwingine amepakia bila kukuambia. Kwa saa na dakika, njia ya kuaminika zaidi ni daftari. Chaneli inayosimamiwa na zaidi ya mtu mmoja iwe na kundi la WhatsApp au karatasi ya pamoja ambamo kila anayepakia anaandika mambo mawili: jina la video na saa ilipomaliza kupanda. Ni kazi ya sekunde chache, na ndiyo itakayokupa jibu la saa ya kufunguliwa bila kubahatisha.

Kama kikundi kina mtu anayejua kuandika programu, ipo njia ya kupata saa kamili kutoka YouTube yenyewe. Akiuliza taarifa za video kupitia mfumo wao wa programu, akiwa ameingia kwa akaunti ya chaneli, atarudishiwa kipengele kama hiki:

```
"publishedAt": "2025-03-01T17:10:00Z"
```

Kwa video iliyopakiwa ikabaki `Private`, yaani ya faragha, saa hiyo ndiyo saa ya kupakiwa. Ikishatolewa hadharani baadaye, kipengele hichohicho hubadilika na kuonyesha saa ya kutolewa. Kwa hiyo isome mapema, kabla hujaitoa. Herufi `Z` mwishoni inaonyesha kwamba saa ni ya kimataifa, ile ya UTC. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele yake: 17:10 hapo ni 20:10 kwenye kompyuta yako, na kwa saa yetu ya kusema ni saa 2:10 usiku. Mtu akisahau kuongeza zile saa tatu, atajipanga kurudi mapema na atakataliwa tena.

Tazama pia usije ukangojea kitu ambacho saa 24 haziwezi kukitibu. Ukitimiza saa 24 kamili tangu video ya mwisho, hakuna mwenzako aliyepakia, na bado unakataliwa, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo si kikomo cha siku. Fungua ukurasa wa mwanzo wa Studio uangalie kama kuna taarifa ya ukiukaji, na usome barua pepe ya akaunti iliyofungua chaneli. Chaneli ikipewa onyo rasmi la kwanza kwa kuvunja kanuni za jumuiya za YouTube, hufungiwa kupakia kwa wiki moja. Onyo la pili ndani ya siku 90 hufunga kwa wiki mbili. La tatu ndani ya siku hizo 90 huondoa chaneli yenyewe. Huko hakuna hesabu ya saa. Kuna kusoma barua, na kukata rufaa kama unaamini umeonewa. Na usifungue chaneli nyingine ili kuukwepa mfungo wa namna hiyo, kwa maana YouTube huhesabu hilo kuwa kosa linaloweza kuifuta hiyo mpya pia.

Wale wanaotumia programu za nje kupandisha video wana mkanganyiko wao. Programu hizo zina mgao wao wa kila siku wa maombi wanayoruhusiwa kupeleka YouTube, na mgao huo ukiisha, mtumiaji naye huona amekwama. Tofauti iko kwenye neno la kosa. `uploadLimitExceeded` ni kikomo cha chaneli yako, na hesabu ya saa 24 tuliyoifanya juu inahusika. `quotaExceeded` ni mgao wa programu, na huo una saa maalumu ya kufunguliwa: saa sita usiku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa Nairobi, Dodoma au Kampala hiyo ni saa 4 asubuhi katika miezi ambayo Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa 5 asubuhi katika miezi iliyobaki. Ukikwama kwa sababu hii, huna haja ya kungoja: acha programu, ingia YouTube Studio mwenyewe, upakie kwa mkono. Ikikubali, umejua kwamba chaneli yako haikuwa na tatizo.

Kuongezewa kikomo

Kungoja ni suluhisho la usiku mmoja. Anayekwama kila wiki anahitaji kikomo kikubwa zaidi, na njia iko kwenye Studio, kwenye kompyuta: bonyeza `Settings`, kisha `Channel`, kisha `Feature eligibility`. Hapo utaona ngazi tatu za chaneli, kila moja ikiwa na neno la hali yake. `Enabled` ni kwamba unayo tayari. `Eligible` ni kwamba unastahili lakini hujamaliza hatua. `Ineligible` ni kwamba bado.

Ngazi ya kati hupatikana kwa kuthibitisha namba ya simu. Unaandika namba, unapata tarakimu kwa ujumbe mfupi au kwa kupigiwa, unaziingiza, imekwisha. Ngazi hiyo ndiyo inayofungua video za zaidi ya dakika 15. Namba moja ya simu inakubalika kwa chaneli mbili tu kwa mwaka, jambo linalowakwaza wenye vibanda vya huduma za mtandao wanaofungulia wateja chaneli kwa namba ya kibanda. Kila mwenye chaneli atumie namba yake.

Ngazi ya juu, `Advanced features`, ndiyo inayotaja waziwazi kuongezewa idadi ya video kwa siku, pamoja na video fupi na matangazo ya moja kwa moja. Inafikiwa kwa moja ya njia tatu. Unaweza kupeleka picha ya kitambulisho halali, kama pasipoti au leseni ya udereva. Unaweza kujirekodi uso kwa video fupi ukifuata maelekezo ya simu. Au unaweza kuacha chaneli ijijengee historia nzuri, jambo ambalo kwa kawaida huchukua kama miezi miwili ya kuitumia vizuri. Ukipeleka kitambulisho au video ya uso, majibu kwa kawaida huja ndani ya saa 24, kwa hiyo hata njia ya haraka haitakuokoa usiku uleule uliokwama.

Hapa ndipo vikundi vyetu vingi hukwama kweli. Hatua ya kitambulisho inatakiwa ifanywe na mmiliki mkuu wa chaneli, si msimamizi aliyeongezwa baadaye. Chaneli ya kwaya au ya madrasa mara nyingi ilifunguliwa na kijana mmoja kwa akaunti yake binafsi. Kijana akahamia mjini au akasafiri Oman, na waliobaki wanapakia kama wasimamizi tu. Wanaona `Eligible`, wanabonyeza, hawapiti. Dawa ni kumtafuta mmiliki huyo angali anapatikana na akaunti yake ingali hai, akamilishe uthibitisho, au ahamishe umiliki kwa mtu ambaye kikundi kimemchagua. Jambo hili lisingoje usiku wa tamasha. Wala ngazi ya juu si ya milele: chaneli ikipata maonyo, inaweza kuondolewa humo na kikomo kikarudi chini.

Yule kijana wa Tanga mwenye rekodi 40 anaweza kumaliza kazi yake hata kabla ya kuongezewa chochote, kama atatenganisha kupakia na kutoa. Kikomo kinahesabu siku ya kupakia. Siku ya kutoa hakiigusi. Akiwa na nafasi kumi, apakie nane kila usiku kuanzia saa ileile, azibakize mbili kwa dharura, na kila moja aiache `Private` au aipangie siku ya kutoka kwa `Schedule`. Kwa usiku tano rekodi zote 40 zitakuwa salama kwenye chaneli, na watazamaji watazipata mbili kwa wiki kwa miezi mitano. Aanze kila usiku dakika chache baada ya saa aliyoanza kundi la jana yake, la sivyo saa 24 zitambana na ratiba itateleza.

Na awe makini na rasimu. Mtandao ukikatika wakati faili imefika asilimia 90, asikimbilie kuipakia upya kama faili mpya. Aingie `Content` kwanza. Kama video imekwisha kufika lakini hakumaliza kujaza jina na maelezo, ataikuta imeandikwa `Draft`, na anachotakiwa ni kuifungua na kumalizia. Kama ilikatikia njiani, achague tena faili ileile ndani ya saa 24. Upakiaji unaweza kuendelea pale ulipoishia, na bando halipotei. Chaneli nyingi zinazolalamika kwamba kikomo chao ni kidogo mno ukizichunguza utakuta video moja imepandishwa mara tatu, mbili zikiwa rasimu ambazo mwenyewe hazijui.

Kwa upande wa YouTube, msimamo wangu ni huu. Kuficha idadi ni haki yao na kunalinda kila mtu dhidi ya walaghai. Kuficha saa hakumlindi yeyote. Mfumo unaokataa video ya kumi na moja unajua ya kwanza ilipanda dakika gani, kwa hiyo unaweza kuandika chini ya ujumbe uleule kwamba nafasi inayofuata ni kesho saa 2:10 usiku. Mtu anayenunua bando la usiku kwa fedha ya mfukoni anastahili kuambiwa hivyo kabla hajanunua la usiku wa pili. Ukikwama, tumia kitufe cha `Send feedback` kilicho ndani ya Studio uwaandikie hilo, kwa Kiswahili chako. Hadi watakapoiweka, fungua `Feature eligibility` leo, wakati huna haraka, uone chaneli yako iko ngazi gani na nani anatakiwa kuithibitisha.